Alfa, beta au muoni? Jinsi ya kusoma michirizi kwenye chemba ya mawingu darasani

Chemba ikishapoa na michirizi ya kwanza ikaanza kuonekana, darasa zima huinama juu ya kioo na swali huwa moja: ule ulikuwa nini? Jibu la haraka ambalo wengi wamelikariri ni kwamba mnene ni alfa, uliopinda ni beta, na mrefu ulionyooka ni muoni, chembe inayoshuka kutoka angani. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ni sahihi karibu kila mara. Sehemu mbili zilizobaki hukosewa sana, kwa sababu urefu wa mchirizi unategemea chemba yako kama unavyotegemea chembe yenyewe, na mchirizi unaweza kupinda pasipo sumaku yoyote.

Mwongozo huu ni wa chemba ya kawaida ya shule: chombo chenye uwazi wa sentimita 20 hivi kila upande, kitambaa kilicholowa alkoholi ya isopropili juu, na bamba jeusi la alumini chini lililolala juu ya barafu kavu yenye nyuzi −78 za Selsiasi. Nachukulia kwamba umeshaijenga na inafanya kazi. Kazi iliyobaki ni kuupa kila mchirizi jina unaloweza kulitetea, na kuunyima jina ule usioweza kulitetea.

Hatua ya 1: Andaa chemba ili iweze kupimwa

Weka alama mbili nyeupe juu ya bamba zilizoachana sentimita 5 kamili. Hizo ndizo rula yako ndani ya picha. Mwanga wa tochi uingie kutoka ubavuni, ukilambana na bamba, na simu ifungwe juu ikitazama chini wima. Simu ikiinama, michirizi ya upande mmoja itaonekana mifupi kuliko ilivyo, na hakuna hesabu ya baadaye itakayookoa vipimo hivyo. Rekodi video, usipige picha moja moja, kwa sababu tutahitaji kurudi kwenye fremu ya kwanza ya kila mchirizi.

Subiri dakika 10 hadi 15. Dalili kwamba chemba iko tayari ni manyunyu membamba sana yanayoshuka karibu na bamba, na michirizi inayotokea ghafla juu ya manyunyu hayo.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hulipuuza: pima kina cha tabaka nyeti, yaani ile sehemu ya chini ambamo mvuke wa alkoholi umezidi kiasi na uko tayari kuganda kuwa vitone. Simamisha rula ndogo ndani ya chemba, tazama kutoka ubavuni, na uandike michirizi inaonekana kuanzia bamba hadi kimo gani. Mara nyingi utapata sentimita 1, pengine 2. Andika namba hiyo daftarini, kwa sababu hukumu ya muoni itaegemea juu yake.

Alkoholi hushika moto na barafu kavu huunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu, fungua madirisha, na usiweke mwali wowote karibu.

Hatua ya 2: Simamisha video kwenye fremu ya kwanza

Mchirizi una umri. Unapozaliwa, vitone vyake vimejipanga kwenye mstari mwembamba. Baada ya nusu sekunde vimekua na kutawanyika, na baada ya sekunde moja au mbili vimeanguka huku hewa ikivisukuma kando. Mchirizi mwembamba uliozeeka huonekana mpana na wenye ukungu, na hapo ndipo mwanafunzi huandika "alfa" kwa kosa.

Kwa hiyo usilinganishe unene wa michirizi miwili kabla hujairudisha yote kwenye umri mmoja. Sogeza video fremu kwa fremu hadi ile ya kwanza ambamo mchirizi wote unaonekana, kisha usimame hapo. Umbo la mstari pia lipimwe kwenye fremu hiyo hiyo. Hewa ndani ya chemba hutembea, na mchirizi ulionyooka kabisa unaweza kuwa upinde wa kuvutia baada ya sekunde moja. Ukitaka kujua kama upinde ni wa chembe au wa hewa, angalia majirani: upepo wa chemba hupeleka kila kitu kilichoko eneo hilo upande mmoja, pamoja na manyunyu yenyewe.

Hatua ya 3: Tenga minene na myembamba

Sasa amua kwa unene, na uamue kwanza kabla ya kutazama kitu kingine. Alfa ni kiini cha heliamu chenye chaji mbili, tena kinakwenda polepole kwa viwango vya chembe, karibu asilimia 5 ya kasi ya mwanga. Kila sentimita ya hewa anayopita huachiwa jozi za ioni zipatazo 40,000. Muoni, au elektroni ya beta yenye kasi kubwa, huacha jozi chini ya mia moja kwa sentimita hiyo hiyo. Kila ioni inaweza kuwa mbegu ya kitone. Tofauti ni ya mara mamia kadhaa, kwa hiyo jicho halihitaji ustadi wowote: alfa ni kamba nyeupe iliyojaa, isiyo na nafasi katikati, na mchirizi wa beta au muoni ni uzi mwembamba ambao ukiukuza kwenye skrini unaanza kuona nafasi kati ya kitone na kitone.

Ukijikuta unabishana na mwenzako kwa dakika tatu kama mchirizi ni mnene au mwembamba, kwa kawaida umetazama fremu ya kuchelewa, au mchirizi ulipita juu kabisa ya tabaka nyeti ambako mvuke ni haba. Kuna kisa kimoja cha kawaida cha unene wa kati wa kweli. Elektroni inayokaribia kusimama hupoteza nishati kwa wingi zaidi kwa kila milimita, hivyo milimita zake za mwisho hunenepa. Lakini hata hivyo utaitambua: sehemu hiyo iliyonenepa imejikunjakunja, na alfa hajikunji.

Hatua ya 4: Pima urefu wa michirizi minene, kama ina ncha mbili za kweli

Alfa husimama hewani baada ya sentimita chache, na urefu huo unategemea nishati yake. Alfa wa radoni-222, mwenye MeV 5.5 (yaani elektronivolti milioni 5.5), husafiri karibu sentimita 4.1 katika hewa ya kawaida. Wa poloni-218, mwenye MeV 6.0, huenda karibu 4.7. Wa poloni-214, mwenye MeV 7.7, hufika karibu 6.9. Hii ndiyo sehemu pekee ya kazi yetu ambamo urefu unasema jina la chembe na hata la mzazi wake, kwa hiyo inastahili uangalifu.

Kwanza, namba hizo ni za hewa yenye nyuzi 15 hivi kwenye usawa wa bahari. Hewa ya tabaka nyeti ni baridi zaidi, hivyo imesongamana zaidi, na alfa husimama mapema. Tukichukua wastani wa nyuzi −40, kizidishi ni joto moja kugawanywa kwa jingine katika kelvini: 233 kwa 288, karibu 0.81. Sentimita 4.1 zinakuwa 3.3, 4.7 zinakuwa 3.8, na 6.9 zinakuwa 5.6. Anayelinganisha vipimo vyake na jedwali la kitabuni bila kusahihisha joto atapata alfa "wafupi" siku zote na kudhani chemba ina kasoro. Kwenye nyanda za juu sahihisho linarudi nyuma: pale ambapo mgandamizo wa hewa ni asilimia 83 ya ule wa pwani, baridi na mwinuko hukaribia kufutana.

Pili, hakikisha unaona ncha mbili za kweli. Alfa aliyesimama ndani ya tabaka huacha ncha iliyokatika ghafla, nene hadi mwisho, wakati mwingine yenye kijipindo kidogo sana mwishoni pale alipogonga kiini cha atomu ya hewa. Aliyetoka kwa juu huacha ncha inayofifia polepole, kwa kuwa mvuke unapungua kadiri anavyopanda. Aliyegonga bamba ana ncha kali pia, na huyu ndiye mdanganyifu. Njia ya kumkamata ni kuinamisha jicho na kutazama taswira ya mchirizi ndani ya utando wa alkoholi uliolala juu ya bamba jeusi, ambao huakisi kama kioo. Mchirizi unaokutana na taswira yake umegonga bamba. Usiokutana nayo umesimama hewani.

Mchirizi mnene ambao hauna ncha mbili za kweli ni alfa bado. Andika alfa, na uache safu ya urefu wazi. Kijidoti kinene cha milimita 5 ni alfa aliyeshuka karibu wima, na urefu wake hausemi lolote kuhusu nishati.

Ukihitaji alfa wa kutosha bila kununua chanzo, sugua puto kwa kitambaa cha sufu hadi lipate chaji, lining'inize kwenye chumba kilichofungwa kwa nusu saa au zaidi, kisha litoe hewa na ukiweke kipande cha mpira huo ukingoni mwa chemba, upande uliokuwa nje ukitazama ndani. Chaji huvuta watoto wa radoni walioko hewani, yaani atomu zinazozaliwa radoni inapooza, zikiwemo risasi-214 na bismuthi-214 ambazo mwishowe huzaa poloni-214. Fanya haraka: risasi-214 hupungua hadi nusu kila dakika 27, na bismuthi-214 kila dakika 20. Hali ya hewa yenye unyevu mwingi huvujisha chaji ya puto, na siku kama hiyo matokeo huwa hafifu.

Hatua ya 5: Lazia rula kwenye michirizi myembamba

Sasa tuko kwenye fungu gumu. Michirizi yote myembamba ni ya beta, au ya elektroni zilizong'olewa na miali ya gama, au ya muoni. Unene hauwezi kuzitenganisha, kwa kuwa elektroni yenye kasi na muoni huacha ioni karibu sawa. Kinachozitenganisha ni uzito. Muoni ni nzito kuliko elektroni mara 207, na muoni inayofika usawa wa bahari huwa na nishati ya wastani wa MeV 4,000 hivi. Atomu za hewa haziwezi kuiyumbisha. Elektroni ya beta ina MeV 1 au pungufu kwa kawaida, na kila kiini inachopita karibu nacho huisukuma kando kidogo.

Simamisha fremu ya kwanza, uilete kwenye skrini kubwa, na uweke ukingo wa rula kutoka ncha moja ya mchirizi hadi nyingine. Kisha tazama mchirizi unaachana na rula kiasi gani, na kwa mtindo gani.

Ukiachana na kurudi, kushoto kisha kulia, au ukipinda kwa kona kali, hiyo ni elektroni bila ubishi. Elektroni yenye MeV 0.02 husimama ndani ya sentimita moja hivi, na njia yake yote ni vifundo. Hizi ndizo zile "minyoo" fupi zilizokunjika ambazo chemba huwa nazo nyingi, na usizikose kwenye hesabu kwa sababu tu ni mbaya kutazama.

Ukiwa karibu umenyooka, kadiria elektroni ya namna gani ingeweza kunyooka hivyo. Elektroni ya MeV 1 ikipita sentimita 6 za hewa hiyo baridi huwa imegeuka kiasi cha nyuzi 6 kwa wastani, na katikati ya safari huachana na rula kwa karibu milimita 1. Hilo linaonekana. Elektroni ya MeV 2 na zaidi huanza kuficha siri yake, kwani mtengano unashuka chini ya unene wa mchirizi wenyewe. Kwa hiyo mchirizi mwembamba wa sentimita 2 ulionyooka hauthibitishi kitu: kwenye umbali mfupi hivyo hata beta ya kawaida hunyooka. Mimi hudai angalau sentimita 5 za unyoofu kabla ya kuruhusu neno muoni liandikwe, na hata hapo huandikwa pamoja na alama ya kuuliza hadi hatua ya mwisho.

Kuna tamaa moja ya kuizuia. Mchirizi mwembamba wenye kona kali katikati mara nyingi hutangazwa kuwa muoni iliyooza na kuzaa elektroni. Muoni inayosimama ndani ya sentimita chache za hewa ni nadra kupita kiasi, kwa sababu zilizo nyingi zina nishati ya kupenya mita kadhaa za mwamba. Kona hiyo karibu siku zote ni elektroni iliyogonga kiini kwa karibu.

Hatua ya 6: Tumia sumaku, ukijua itapinda nini

Sumaku iwe ya neodimi, pana, kwa mfano yenye sentimita 5 kwa 5 na unene wa sentimita 1. Chonga nafasi yake kwenye barafu kavu ili uso wake uguse bamba kutoka chini, na barafu iendelee kuizunguka na kuipoza. Bamba liwe la alumini, kwa sababu chuma kitaumeza uga sumaku kabla haujafika kwenye mvuke. Sumaku kama hiyo hutoa takriban tesla 0.1 hadi 0.2 kwenye sentimita ya kwanza na ya pili juu yake. Kama shule ina kipima uga, pima kwenye kimo cha tabaka nyeti. Shika sumaku kwa tahadhari, maana mbili zikirukiana hukata vidole, na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo akae mbali.

Uhusiano unaotuongoza ni huu, ambamo p ni momenta kwa MeV/c, B ni uga kwa tesla, r ni nusu kipenyo cha upinde kwa sentimita, na z ni idadi ya chaji:

```
r = p / (3 · B · z)
```

Weka tesla 0.1. Beta ya MeV 1 ina momenta 1.42, hivyo r ni sentimita 4.7: upinde wa wazi ambao mtoto yeyote atauona. Muoni yenye momenta 4,000 ina r ya mita 130 na zaidi, na kwenye sentimita 10 inaachana na rula kwa mikroni 10 tu. Alfa wa radoni ana momenta kubwa pia, karibu 200, na ingawa chaji yake ni mbili, r yake ni zaidi ya mita 3. Kwenye safari yake fupi mpindo huo ni sehemu ndogo ya milimita, ndani kabisa ya unene wa mchirizi wake.

Maana yake ni kwamba sumaku ya darasani hupinda beta peke yake. Ukimwona alfa amepinda juu ya sumaku, umeona upepo, na urudi hatua ya 2. Unyoofu wa mchirizi juu ya sumaku ndio ushahidi bora ulio nao wa muoni, kwa sababu beta yoyote ya kawaida ingepinda hapo.

Bado unahitaji kutofautisha upinde wa sumaku na kuyumbishwa na atomu. Kuyumbishwa hakuna upande. Upinde wa sumaku una upande mmoja. Ncha ya kaskazini ya sumaku ikitazama juu, uga unakuja kuelekea jicho lako, na elektroni zinazotoka kwenye chanzo hupinda kushoto kwa kufuata mwendo wao. Geuza sumaku, na zinapinda kulia. Fanya jaribio hilo la kugeuza daima. Kama wingi wa mipinde haukuhama upande, basi ulichokuwa unapima si uga.

Mfano: michirizi mitatu kutoka kwenye video moja

Tuseme chemba ni ya sentimita 20 kwa 20, tabaka nyeti ni sentimita 1, kipande cha puto kiko ukingoni upande wa kushoto, na sumaku ya tesla 0.1 iko chini karibu na kipande hicho, ncha ya kaskazini ikitazama juu.

Wa kwanza ni mnene, umeanzia kwenye puto, una milimita 52, na ncha yake ya mbali imekatika bila kukutana na taswira yake. Unene umeshasema alfa. Sasa urefu: radoni-222 ingeishia milimita 33, na poloni-218 kwenye 38. Milimita 52 zimewapita wote wawili, na ziko chini kidogo tu ya 56 za poloni-214. Hizo 4 zilizopungua zinaelezeka: kama 1 inaweza kutokana na mchirizi kuinama ndani ya tabaka, kwa kuwa kamera ya juu huona kivuli chake cha mlalo tu, na zilizobaki ziko ndani ya kosa la kukadiria joto la hewa kuwa nyuzi −40. Jina: alfa wa poloni-214. Hata kalenda inakubali, maana poloni-218 hupungua hadi nusu kila dakika 3, na muda uliotumika kufunga chemba na kusubiri umeshamaliza sehemu kubwa yake.

Wa pili ni mwembamba, unatoka upande wa puto, una milimita 38 kwa mstari wa rula, na katikati umeachana na rula kwa milimita 4 upande mmoja. Nusu kipenyo hupatikana kwa mraba wa urefu kugawanywa kwa mara nane ya mtengano: 38 × 38 ÷ (8 × 4), ambayo ni milimita 45. Hivyo momenta ni 3 × 0.1 × 4.5, yaani 1.35, na kwa elektroni hiyo ni nishati ya karibu MeV 0.93. Je, kuyumbishwa pekee kungeweza kufanya hivyo? Elektroni ya nishati hiyo kwenye milimita 38 huyumba nyuzi 5 hivi. Upinde huu umegeuka karibu nyuzi 48, tena kushoto kama inavyotakiwa. Jina: beta kutoka kwenye puto, na kosa la nishati tuliandike kuwa asilimia kumi au zaidi, kwa sababu mtengano wa milimita 4 hausomeki vizuri kuliko nusu milimita.

Wa tatu ni mwembamba, uko mbali na sumaku, una milimita 61, haujaachana na rula popote, na ncha zake zote mbili zinafifia. Hautoki kwenye puto. Elektroni ya MeV 1 ingeachana na rula kwa milimita 1 hivi. Huyu anastahili kuandikwa muoni, na alama ya kuuliza. Ili kuiondoa alama hiyo, au kuithibitisha, tunahitaji hatua moja zaidi.

Hatua ya 7: Hesabu muoni ulizostahili kupata

Muoni hufika kwenye usawa wa bahari kwa kiwango cha takriban moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Chemba yetu ina sentimita za mraba 400, hivyo muoni kama 400 huipenya kila dakika. Kwa nini basi hatuoni michirizi mirefu 400? Kwa sababu nyingi zinashuka karibu wima, na tabaka nyeti lina kina cha sentimita 1 tu. Muoni ya wima huacha mchirizi wa sentimita 1 unaotazamwa kutoka juu kama doti hafifu, ambalo hakuna mtu atakayeliandika.

Ili muoni iache mchirizi mrefu kwenye picha, lazima ije ikiwa imelala sana, na zilizolala ni chache kwani zimepita kwenye hewa nyingi zaidi. Kwa kutumia kanuni ya kawaida ya kwamba wingi wao hushuka kwa mraba wa kosaini ya pembe kutoka wima, sehemu inayoacha mchirizi wa mlalo mrefu kuliko L kwenye tabaka la kina h ni takriban:

```
sehemu = 1 / (1 + (L/h)²)²
```

Kwa L ya sentimita 2 na h ya 1, sehemu ni 1 kwa 25, hivyo muoni 16 kwa dakika. Kwa sentimita 5 ni 1 kwa 676, yaani chini ya moja kwa dakika. Kwa mchirizi wetu wa sentimita 6.1 ni moja tu kwa kila dakika nne hivi. Makadirio haya hayajali kingo za chemba wala dari iliyo juu, lakini ukubwa wake unatosha kwa hukumu.

Kina cha tabaka hubadilisha kila kitu. Kikiwa sentimita 2 badala ya 1, muoni za zaidi ya sentimita 5 hupanda kutoka chini ya moja hadi karibu 8 kwa dakika. Ndiyo maana chemba mbili zilizojengwa kwa mpango mmoja hutoa hesabu zinazogombana, na ndiyo maana tulipima kina mwanzoni.

Sasa rudi daftarini. Kama kwenye video ya dakika nane umeandika muoni mbili za urefu kama ule wa mchirizi wa tatu, zinakubaliana na makadirio na unaweza kufuta alama za kuuliza kwa moyo mweupe. Kama umeandika ishirini, ziada yote ni elektroni zenye kasi, nyingi zikiwa zimeng'olewa na miali ya gama kutoka kwenye kuta na sakafu, na nyingine zimeshuka kutoka angani pamoja na muoni zenyewe. Huwezi kujua ni ipi kati ya ishirini hizo iliyo muoni, labda zile zilizopita juu ya sumaku bila kupinda. Zihamishie kwenye safu ya nne ya jedwali, iliyoandikwa "nyembamba, haikutambuliwa". Darasa ambalo safu hiyo ni tupu limekisia mahali fulani, kwa hiyo rudieni video hiyo, mkianza na michirizi iliyo mifupi kuliko sentimita 5.